Vitanda 64 kwenye karatasi, 21 kwenye kiwanja: kisa cha hosteli ya Kihesa

Mwalimu alinipigia simu Februari 2023. Alikuwa amestaafu, mafao yameingia, na ana kiwanja Kihesa, Iringa, mwendo wa kama dakika kumi na tano kwa miguu hadi lango la chuo. Aliniambia mpango wa biashara umekamilika, kilichobaki ni mimi kuupitia kidogo na kuuweka katika lugha ya benki. Kazi yangu ni uhasibu, na kwa miaka sita nimekuwa nikimsimamia dada yangu hosteli yake, kwa hiyo watu wa aina ya Mwalimu hunijia mara kwa mara.

Mpango wenyewe ulikuwa kwenye karatasi mbili zilizochapwa vizuri. Jengo la chini lenye vyumba 16. Kila chumba mita za mraba 15, deka mbili, wanafunzi wanne. Vitanda 64 mara shilingi 50,000 mara miezi 12, sawa na 38,400,000 kwa mwaka. Hapo alitoa mlinzi na maji, 4,400,000, akabaki na milioni 34. Ujenzi alikadiriwa na fundi milioni 140. Milioni 60 zingetoka kwenye mafao, 80 angekopa kwa miaka mitano. Rejesho la benki, kwa riba ya asilimia 17, lilikuwa karibu milioni 1.99 kwa mwezi, yaani milioni 23.9 kwa mwaka. Bado zinamsalia milioni kumi za kula, akasema, na jengo ni lake.

Hesabu ya kuzidisha haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye namba tatu alizoanza nazo: wanne, 50,000 na 12.

Nianze na ile 12. Mwanafunzi hakai mtaani miezi kumi na miwili. Anafika Oktoba au Novemba, ana likizo fupi katikati ya mihula, anamaliza mitihani Julai, kisha anakwenda fildi au anarudi kwao. Mihula miwili ya miezi mitano mitano ndiyo anayokubali kulipia. Agosti na Septemba vyumba vinakaa wazi, lakini mlinzi analipwa na jengo linatakiwa kupakwa rangi. Mwenye nyumba akisema "hosteli yangu imejaa", mimi humuuliza imejaa miezi mingapi. Kitanda kilichojaa miezi kumi kati ya kumi na miwili kimejaa asilimia 83 tu, hata kama hakikukosa mtu siku moja ya masomo.

Halafu ile 50,000. Mwalimu aliipata kwa kuuliza bei hosteli mbili za jirani. Sikuikataa, ila nilimwomba tutembee. Tulizunguka Kihesa siku mbili, jioni, wakati wanafunzi wanatoka chuoni kununua mboga. Hatukuwauliza kama wangependa hosteli nzuri, maana swali hilo kila mtu hujibu ndiyo. Tuliwauliza wanalala wapi sasa, wanalipa kiasi gani, wako wangapi chumbani, na mwaka jana walikuwa wapi.

Majibu yalifanana mno. Wa mwaka wa kwanza wengi waliwekwa hosteli na wazazi. Mzazi anataka geti, mlinzi na mama mlezi wa kumpigia simu. Wawe wanne chumbani au sita, yeye hajali sana. Ila wa mwaka wa pili na wa tatu walikuwa wamehamia geto. Wawili wanashirikiana chumba cha 50,000 au 60,000 kwenye nyumba ya kupanga, kila mmoja anatoa 25,000 au 30,000, wanapika, wanarudi saa wanayotaka. Binti mmoja alituambia, akiwa ameshika fungu lake la mchicha, "Baba, kwa hamsini elfu nilale juu ya deka?" Mwalimu alicheka, lakini njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Mshindani wa hosteli ni geto. Hosteli ya jirani inakunyang'anya wanafunzi wachache, geto linakunyang'anya darasa zima kila Julai. Ukijenga vyumba vya wanne vitupu, umejenga kwa ajili ya mwaka wa kwanza peke yake, maana yake kila Oktoba unaanza upya kutafuta wapangaji karibu wote, na dalali anakula kwa kila kichwa.

Kwa hiyo tukalichukua lile eneo la vyumba vyote, mita za mraba 240, tukaligawa upya kwenye karatasi. Vyumba sita vya wanne vya mita 15, vyumba tisa vya wawili vya mita 10, na vyumba vitano vya masta vya mita 12 pamoja na choo chake. Jumla vyumba 20, watu 47. Bei, kwa yale tuliyoyasikia mtaani, tukaweka 40,000 kwa kitanda chumba cha wanne, 60,000 kwa kitanda chumba cha wawili, na 110,000 kwa masta nzima.

Hapa ndipo Mwalimu alipobisha, na ubishi wake ulikuwa na maana. Chumba cha wanne kinaleta 160,000 kwa mwezi, cha wawili 120,000, masta 110,000. Kwa nini nipunguze vile vinavyoleta nyingi? Nikamwambia asihesabu kwa chumba, ahesabu kwa mita ya mraba, maana anachonunua kwa fundi ni mita, kisha aweke miezi na uwazi. Chumba cha wanne miezi kumi, kikijaa asilimia 80 (kitanda cha juu karibu na mlango huwa cha mwisho kupata mtu, na mara nyingi hakipati), kinaleta 1,280,000 kwa mwaka. Gawa kwa mita 15, unapata kama 85,000 kwa mita. Chumba cha wawili miezi kumi, asilimia 90, ni 1,080,000. Gawa kwa 10, ni 108,000 kwa mita. Masta hukodiwa pia na wanaofanya shahada ya pili na vijana waliopata ajira mjini, ambao hawaendi likizo. Nikaweka miezi 11, ikawa 1,210,000, karibu 101,000 kwa mita.

Chumba kilichoonekana mfalme ndicho kilichokuwa cha mwisho. Sikusema akifute, kwa sababu vyumba vya wanne ndivyo vinavyoingiza watu wapya. Binti anayeingia mwaka wa kwanza kwenye kitanda cha 40,000, akipatana na mmoja wa wenzake, mwaka wa pili wanaomba chumba cha wawili palepale. Hiyo ndiyo njia pekee niliyowahi kuiona ya kulipunguzia geto makali.

Choo nacho kilikuwa na sauti yake kwenye mgawanyo huu. Ramani ya kwanza ilikuwa na vyoo vinne na mabafu manne kwa watu 64, kumi na sita kwa kila mlango. Vipindi vinaanza saa moja asubuhi. Kila mtu akitumia bafu dakika saba, na Iringa ya Juni hakuna anayeoga haraka kwa sababu anasubiri maji yake ya moto, wa kumi na sita anaingia karibu saa mbili baada ya wa kwanza. Kipimo changu ni watu wanane kwa choo na wanane kwa bafu. Ukizidisha hapo, ugomvi utahamia ofisini kwako.

Mapato ya mpango mpya, jengo lote likiwa limezoeleka mtaani, yalikuwa hivi: wanne 7,680,000, wawili 9,720,000, masta 6,050,000. Jumla 23,450,000, badala ya 38,400,000. Kwenye matumizi nikaongeza watu ambao karatasi ya Mwalimu iliwasahau. Mama mlezi, mlinzi na mtu wa usafi, pamoja na mchango wa mwajiri wa NSSF, ni kama 6,670,000. Maji na kunyonya karo 1,600,000. Taa za nje na za baraza 480,000. Matengenezo 1,880,000, nitayarudia. Leseni, kodi ya ardhi, simu na vidogo vingine 700,000. Yote 11,330,000. Kinachobaki ni milioni 12.1 kabla ya kodi ya mapato, na benki inataka milioni 23.9.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati. Mkewe, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele pale barazani, ndiye aliyeuliza, "Sasa bila benki je?"

Bila benki kulikuwa na milioni 60. Tukachora awamu ya kwanza: vyumba viwili vya wanne, vitano vya wawili, vitatu vya masta. Watu 21. Vyumba vinafunguka barazani moja kwa moja, hakuna korido ya ndani ya kuezeka na kupiga plasta. Vyoo vitatu na mabafu mawili ya nje kwa wale 18 wasio na masta. Mabafu yalikuwa machache kwa kipimo changu, nikaacha yapite, na nilikosea. Mapato yakijaa ni 11,590,000 na matumizi 5,500,000. Mama, yaani mke wa Mwalimu, ndiye mlezi, anakaa kwenye nyumba yao iliyo kiwanja hichohicho.

Hapo nikafanya jambo ambalo watu hawapendi. Niliandika mshahara wa Mama kwenye karatasi hata kama hataupokea, 220,000 kwa mwezi, kwa mwaka na mchango wake kama milioni 2.9. Kwenye zile milioni 6 zilizobaki, ukitoa kazi ya Mama, faida ya milioni 60 ni kama milioni 3.2. Hati fungani za serikali za miaka mirefu wakati ule zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 10, yaani zaidi ya milioni 6 kwa mwaka bila fundi bomba na bila kunguni. Nilimwambia hivyo wazi. Akajibu kwamba karatasi ya serikali haipandi thamani kama kiwanja cha Kihesa, na kwamba watoto wake hawatagombania hati fungani, watagombania nyumba. Sikuwa na jibu la maana. Ila nilitaka achague akiwa ameshaiona namba.

Hatari moja zaidi tuliijadili kwa dakika chache tu, ingawa ndiyo kubwa kuliko zote: chuo chenyewe kujenga mabweni. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mabweni ya kubeba wanafunzi 3,840. Hao ni wapangaji walioondoka mitaani kwa mkupuo. Kinga yake ni ndogo: usijenge jengo lisiloweza kuwa kitu kingine. Vyumba vya masta na vya wawili vyenye mlango wa barazani vinaweza kupangishwa kwa yeyote. Ukumbi wa deka ishirini hauwezi.

Sasa amana. Kwenye mpango wa kwanza Mwalimu aliandika "amana mwezi mmoja kila mwanafunzi, 3,200,000" na mstari uliofuata "vitanda na magodoro, 3,200,000". Alikuwa amenunua vitanda kwa pesa ya wanafunzi. Sijui hosteli ngapi mjini zinaendeshwa hivyo, ila najua jinsi zinavyofikia mwisho wake. Julai wanafunzi wanaondoka, wanataka pesa yao. Julai ni mwezi ambao mwenye hosteli haingizi kitu hadi Oktoba. Anaanza kusema njoo wiki ijayo, au anatafuta ufa ukutani wa kumkatia mtu. Mwanafunzi aliyenyimwa elfu hamsini haendi baraza la kata. Anaandika kwenye kundi la Watsapu la darasa lake, na wale wa mwaka wa kwanza wanaokuja wanaingizwa kwenye kundi hilohilo.

Amana ni deni. Tukaifungulia akaunti yake peke yake, na nikamwambia Mwalimu kwamba siku atakayoitoa kununua saruji ndiyo siku atakayoanza kufa kibiashara. Maneno makali kwa mtu aliyenizidi umri, lakini alinielewa.

Kiasi chake nilikishusha. Anayeingia mwaka wa kwanza na mkopo wa Bodi anafika na begi na nauli, bumu lake halitoki mpaka asajiliwe na kusaini. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022, ilikuwa 8,500, na huja kwa mafungu ya siku sitini hivi, yaani 600,000 kwa mpigo. Ukimdai siku ya kwanza amana ya 50,000 na muhula mzima wa 200,000, atakwenda geto ambako mwenye nyumba atamvumilia. Kwa hiyo amana ikawa 30,000 kwa kitanda na mwezi mmoja kwa masta, na kodi ya muhula ikakatwa mara mbili: 120,000 akiingia, 80,000 bumu la pili likitoka. Tarehe hatukuiandika kwenye kalenda. Mkataba unasema "siku saba baada ya fungu la pili kuingia", na siku likiingia hakuna asiyejua, foleni ya mawakala inatangaza yenyewe.

Tena ile 30,000 tuliipa kazi ya pili. Mwanafunzi anayeendelea anaweza kuiacha palepale Julai, na kwa kuiacha anashikiwa kitanda chake mpaka wiki ya kwanza ya muhula bila kulipa Agosti na Septemba. Asipotokea, anarudishiwa, isipokuwa 10,000. Kwa njia hii Mama anajua mwisho wa Juni kabisa ana vitanda vingapi vya kutafutia watu, badala ya kubahatisha Oktoba.

Makato ndiyo yenye maneno. Kanuni tuliyoiandika ina mistari mitatu. Kitanda, godoro na kabati ni vya mtu mmoja, kwa namba. Mlango, kitasa, dirisha na soketi ni vya wote wa chumba, wanagawana. Choo, bafu na baraza havikatwi kwenye amana ya mtu kamwe, hivyo ni matengenezo ya nyumba. Siku ya kuingia, mwanafunzi na Mama wanakagua pamoja, wanapiga picha kwa simu zote mbili, wanasaini.

Mwaka wa kwanza kanuni ilijaribiwa. Kioo cha dirisha chumba cha wanne kilivunjika, kuweka kipya 18,000, kila mmoja 4,500. Mmoja akasema, "Mama, mimi sikuwepo, nilikuwa kwetu msibani." Wenzake wakanyamaza. Mama akamwambia wazi kwamba anaamini hakuwepo, na kwamba akitajiwa aliyekivunja atamkata huyo peke yake. Kesho yake asubuhi, kabla ya vipindi, mmoja alikuja na 18,000 mkononi. Kama amana ingekuwa imekwisha kuliwa, mazungumzo hayo yasingewezekana, kwa sababu binti yule angejibu kwamba hata hivyo hairudi.

Nije kwenye matengenezo, ambako wengi huandika asilimia fulani ya mapato kisha wasiitenge. Mimi huhesabu kwa kitanda: 40,000 kwa mwaka kwa kila kitanda, kijazwe au kisijazwe. Kwa vitanda 21 ni 840,000. Jengo jipya mwaka wa kwanza halitumii hata nusu, na hapo ndipo mwenyewe huzichukua zilizobaki akidhani ni faida. Ni za magodoro ya mwaka wa nne.

Umeme kwanza. Mwalimu alitaka uingie kwenye kodi ili asisumbuliwe. Nikampigia hesabu moja kwa jengo lake la vyumba 16. Jiko la koili la wati 1,000, saa mbili kwa siku, siku thelathini, ni uniti 60 kwa chumba. Vyumba 16 ni uniti 960. LUKU ya nyumba kubwa kama hiyo, ukijumlisha kodi zake, ilikuwa inakwenda kama 350 kwa uniti. Ni 336,000 kwa mwezi za koili peke yake, kabla ya hita za kuchovya ndooni. Kukataza koili kwenye baridi ya Iringa ni kujidanganya, wataificha chini ya kitanda, na waya uliochomekwa kwa vijiti utaunguza soketi au zaidi ya soketi. Tukaweka mita ndogo kila chumba, chumba kinanunua uniti zake kwa Mama, na jiko la pamoja lenye meza ya zege na soketi nzito za waya wa milimita za mraba 4. Chumbani soketi ni za simu na kompyuta, na kikata umeme cha chumba ni kidogo makusudi, koili ikichomekwa kinaanguka.

Maji yalitufundisha zaidi. Mei 2024 Mama alinipigia kwamba karo limejaa. Lilichimbwa likae mwaka na nusu, halikuwa limefikisha miezi minane. Gari la kunyonya ni 120,000 kwa safari. Fundi alitaka kuchimba la pili. Nilimwomba asubiri, nikaenda na kichupa cha wino wa bluu. Unatia wino kidogo kwenye tanki la juu la choo, hukivuti, unasubiri robo saa. Bakuli likigeuka bluu, mpira wa chini haufungi. Vyoo viwili kati ya vitatu viligeuka. Uzi mwembamba wa maji ambao hata husikii unapoteza kama lita 300 kwa siku, uniti tisa kwa mwezi. Unayalipia maji hayo mara mbili, kwenye bili kisha kwenye karo. Mipira miwili haikufika 15,000. Tangu hapo Mama anatia wino kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na wanafunzi wanamwita "Mama Wino" wakidhani hajui.

Ila kilichokula bajeti yote ya mwaka wa pili ni kunguni. Hili nililijua kwa dada yangu na bado nililegea. Deka za vyumba vya wanne tulichomelea za chuma. Za vyumba vya wawili Mwalimu alikuwa na mbao zake, fundi wa hapo mtaani akatengeneza, nikanyamaza kwa sababu ziliokoa karibu laki nne. Mbao zina viungo, viungo vina nyufa, na nyufa ndiyo nyumba ya kunguni. Waliingia na begi la mtu, hakuna wa kulaumiwa. Dalili ya kwanza haikuwa kuumwa, watu huumwa wakadhani mbu. Ilikuwa vitone vyeusi kama vya kalamu kwenye mishono ya godoro upande wa ukutani. Tulipulizia vyumba viwili vilivyolalamika, na hilo lilikuwa kosa, maana wadudu walihamia cha tatu kupitia mabomba ya waya ukutani. Na mayai hayafi kwa dawa ya kawaida, kwa hiyo kupulizia mara moja ni kupunguza wakubwa na kusubiri wadogo. Mwishowe vyumba vyote vitano vilipuliziwa siku moja, tukarudia baada ya siku kumi na nne, matandiko yakachemshwa, magodoro yakavishwa mifuko ya zipu, vitanda vya mbao vikauzwa kwa hasara na vya chuma vikachomelewa. Mwaka ule matengenezo yalifika 1,420,000 badala ya 840,000. Zile laki nne za mbao zilirudi na riba.

Namba za kweli sasa. Walifungua Oktoba 2023, wiki mbili kabla ya masomo, na hilo lilikuwa ushindi mkubwa kuliko unavyoonekana. Fundi akichelewa hadi Desemba, wanafunzi wameshalipa kwingine, na jengo linakaa karibu tupu mpaka Oktoba ijayo. Mwaka wa kwanza nilikadiria asilimia 60 ya mapato kamili, kama 6,950,000. Yaliingia 6,400,000, vitanda 13 kati ya 21. Mwaka wa pili waliingiza 10,700,000, vitanda 19. Vyumba vya wawili vilijaa vyote, na wanne kati ya waliovijaza walitoka vyumba vya wanne mwaka uliotangulia, kama tulivyotarajia.

Nilipokosea ni masta. Niliwaza wafanyakazi vijana wa miezi kumi na moja, na walikuja wawili wakaondoka. Geti linafungwa saa nne usiku kwa ajili ya mabinti wa mwaka wa kwanza, na mtu mwenye mshahara wake haombi ruhusa ya kurudi saa tano. Sheria iliyowapendeza wazazi iliwafukuza wapangaji wa masta. Sasa masta mbili zinakaliwa na mabinti wawili wawili wa mwaka wa tatu, 70,000 kila mmoja, miezi kumi, 1,400,000 kwa chumba. Zinaleta zaidi ya nilivyopanga, kwa sababu ambayo sikuipanga. Ya tatu Mwalimu ameitobolea mlango wa upande wa barabarani, nje ya geti, na anakaa mwalimu wa sekondari anayelipa miezi kumi na miwili.

Bafu la tatu lilijengwa Agosti ya kwanza, baada ya Mama kuchoka kusuluhisha foleni.

Mwezi wa sita nilipita kuwasalimu. Mwalimu akanipokea na "Kamwene" yake, akanipeleka nyuma ya jengo ambako ameweka vigingi vya awamu ya pili, vyumba vitano vya wawili na masta mbili zenye mlango wa barabarani, hakuna hata kimoja cha wanne. Nikamuuliza pesa ya tofali imetoka wapi. Mama akawahi kujibu kutoka barazani kwamba si kwenye ile akaunti, akanyanyua daftari lake kunionyesha: majina 17 yenye alama ya tiki, na mbele ya kila moja 30,000 iliyoachwa kushika kitanda.